Dakika tano za seli na kipande cha kiazi

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Jioni moja alikuja na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akaniambia, "Mjomba, hebu nisomee hii, ila usicheke." Shuleni kwao kulikuwa na siku ya sayansi, na yeye alipewa dakika tano azungumze mbele ya wanafunzi wa darasa la tano na la sita walioalikwa kutoka shule za msingi za jirani. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi kwamba seli ni kitu cha kusomwa.

Sikucheka. Nilisoma sentensi ya kwanza: "Seli ni sehemu ndogo kabisa ya kiumbe hai inayoweza kufanya kazi zote za uhai." Ya pili ilisema seli ziligunduliwa na Robert Hooke mwaka 1665. Ya tatu ilisema mwili wa binadamu una matrilioni ya seli. Zote ni kweli, na mwalimu yeyote angeziwekea alama ya vema. Lakini ile haikuwa hotuba ya kushawishi, kwa sababu mtoto wa miaka 11 hana namna ya kuibishia hata sentensi moja. Jambo usiloweza kulibishia huwezi pia kushawishika nalo. Unalinakili tu, kisha unalisahau baada ya mtihani.

Nilimuuliza Hooke aliona nini hasa. Akajibu alichokariri: aliona seli. Ukweli ni kwamba Hooke alikata kwa kisu kilichonolewa kikawa kikali kama wembe kipande chembamba cha koki, ile ya kuzibia chupa, ambayo hutokana na gome la mti, akakitazama kwa hadubini. Aliona vijumba vingi vilivyopangana, akaviita kwa neno lenye maana ya chumba kidogo, na ndiko tulikopata neno seli. Ila vijumba vile vilikuwa vitupu. Gome lile lilishakufa, kilichobaki ni kuta. Kwa hiyo hotuba nyingi za siku ya sayansi hufunguliwa kwa maiti, halafu tunashangaa watoto wanapopiga miayo.

Msimamo wangu ni huu, na nilimwambia pale pale: udogo wa seli si hoja. Punje ya vumbi nayo ni ndogo, wala hatuiandalii siku maalumu. Hoja ni kwamba seli hai imezungukwa na utando unaoruhusu vitu fulani kupita na kuvizuia vingine, na utando huo ukifa, kila kitu hubadilika. Mtoto akiliona hilo kwa macho yake hata mara moja, maswali atayaleta mwenyewe.

Tukaenda jikoni. Mama yake alikuwa anaandaa kachumbari, na kachumbari ya nyumba ile huanza na kitunguu kilichokatwa nyembamba, kikanyunyiziwa chumvi na kuachwa kidogo kabla ya kukamuliwa. Nikamuuliza mpwa wangu maji yaliyotuama chini ya bakuli yametoka wapi, maana hakuna aliyetia maji. Akasema yametoka kwenye kitunguu. Sawa, yalikuwa wapi ndani ya kitunguu? Na kwa nini hayakutoka kabla ya chumvi? Hapo akanyamaza, na ukimya ule ndio nilioutaka kwa hadhira yake.

Maelezo yake hayahitaji maneno makubwa kama una baiskeli. Seli ya mmea ina ukuta mgumu kwa nje, na ndani ya ukuta huo kuna utando laini uliobeba maji. Ukuta ni tairi, utando ni tyubu, maji ni upepo. Tyubu ikijaa, inalisukuma tairi kutoka ndani, na kitu kizima kinakuwa kigumu. Kitunguu kibichi huvunjika kwa mlio kwa sababu tyubu zake zimejaa. Ukitia chumvi, nje kunakuwa na chumvi nyingi kuliko ndani. Maji hupita kwenye utando kwa urahisi, chumvi haipiti kirahisi hivyo, basi maji yanayotoka yanakuwa mengi kuliko yanayoingia. Tyubu inanywea. Tairi linabaki na umbo lake lakini limelegea, na kitunguu kinakunjika mkononi bila kuvunjika. Vitabu huita jambo hili osmosisi. Nilimshauri neno hilo alitaje mara moja tu, tena mwishoni, kama jina la mtu ambaye watoto wameshamfahamu.

Yeye alitaka kuongeza machozi. Kwa nini kitunguu kizima hakikuchomi macho, ila kikikatwa tu unalia? Ni swali zuri, na jibu lake nalo liko ndani ya seli: vitu viwili vinavyotengeneza ile hewa kali hukaa sehemu mbalimbali za seli, na kisu ndicho kinachovikutanisha. Ndiyo maana kisu butu, kinachoponda seli nyingi, hukuliza zaidi ya kisu kikali. Tulibishana karibu nusu saa. Mwishowe tuliyaacha machozi nje, kwa kuwa maajabu mawili ndani ya dakika tano hunyang'anyana nafasi na mtoto hutoka bila hata moja.

Siku mbili baadaye alikwenda maabara ya shule kujihakikishia. Hili nililisisitiza: usiwaambie watoto jambo ambalo wewe mwenyewe hujaliona. Akabandua ngozi nyembamba ya upande wa ndani wa tabaka la kitunguu, ile isiyo na rangi, akailaza kwenye slaidi, akaidondoshea iodini kama kitabu kinavyoelekeza, akaifunika. Seli zilionekana vizuri, ndefu ndefu kama matofali, kila moja na kiini chake cha kahawia. Kisha akadondoshea maji ya chumvi pembeni akisubiri tyubu zinywee. Akangoja dakika tano, akangoja kumi. Hakukutokea chochote. Alirudi nyumbani kanuna, akaniambia maelezo yangu ya baiskeli ni hadithi.

Kosa lilikuwa iodini. Inatia rangi, lakini pia inaua. Seli iliyokufa utando wake haushikilii tena, yaani tyubu imeshatoboka, na tyubu iliyotoboka hata ungeiwekea nini haijai wala hainywei kwa utaratibu. Alikuwa anatazama maiti kama Hooke, ila maiti zilizopakwa rangi. Nikamwambia atafute kitunguu chekundu, vile vya Mang'ola vinafaa sana, abandue ngozi ya zambarau iliyo upande wa nje wa tabaka lenye nyama. Hiyo haihitaji dawa yoyote. Rangi yake imo ndani ya seli, ikiogelea katika maji yale yale tunayotaka kuyafuatilia.

Safari hii aliweka tone la maji ya kawaida kwanza. Kila tofali lilikuwa limejaa zambarau kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha akadondosha maji ya chumvi upande mmoja wa kioo cha kufunikia, na upande wa pili akagusisha kipande cha tishu ili kiyanyonye maji ya awali na kuyavuta yale ya chumvi yapite chini ya kioo. Chumvi ilikuwa kijiko kimoja cha chai kwenye robo tatu ya kikombe. Ndani ya dakika chache zambarau ikaanza kujitenga na kuta, kwanza pembeni, kisha pande zote, hadi kila tofali likabaki na donge la rangi katikati na nafasi nyeupe kulizunguka. Akapitisha maji safi kwa njia ile ile. Madonge yakavimba taratibu yakarudi kuzigusa kuta. Yaliyorudi yalikuwa hai. Machache hayakurudi, na hayo ndiyo yalikuwa yamekufa. Hakuna kipimo chepesi zaidi ya hicho cha kutofautisha seli hai na mfu, na shule yoyote yenye hadubini moja na chumvi ya jikoni inaweza kukifanya.

(Tahadhari ya pembeni kwa watakaojaribu: duara jeusi lenye ukingo mnene na katikati yenye kung'aa si seli, ni kiputo cha hewa. Nimeona daftari zilizochorwa viputo kwa umakini mkubwa na kuandikiwa "kiini". Shusha kioo cha kufunikia kwa mshazari, usikibwage.)

Sasa alikuwa na moto, na hapo ndipo hotuba ilipotaka kuharibika. Toleo lake la pili lilisema: "Kwa hiyo ukila chumvi nyingi, seli zako nazo zitanywea kama kitunguu." Sentensi hiyo ingepigiwa makofi, lakini imevuka mpaka. Kitunguu cha bakulini hakina figo. Wewe unazo, na una kiu pia. Ukila chumvi unatamani maji, figo zinatoa kilichozidi, na chumvi ya damuni hubaki karibu pale pale. Ubaya wa chumvi nyingi kwa mtu hupitia njia nyingine, hasa shinikizo la damu. Mfano mzuri una hatari moja: ukishakolea, mtu anaupeleka hata mahali usipofika.

Hata hivyo hamu yake ya kutoka kwenye kitunguu kwenda kwenye mwili ilikuwa sahihi, ila alihitaji daraja jingine. Seli nyekundu ya damu haina ukuta. Ni tyubu bila tairi. Upana wake ni kama sehemu 7 au 8 za elfu moja za milimita, haina kiini, na huishi siku zipatazo 120. Ukiitia kwenye maji matupu, maji huingia, na kwa kuwa hakuna tairi la kuizuia, hupasuka. Ukiitia kwenye maji yenye chumvi nyingi, hujikunja. Ndiyo sababu dripu ya chumvi inayotundikwa hospitalini haikutengenezwa kwa kukisia: ni gramu 9 za chumvi kwa kila lita ya maji. Kwa kiwango hicho seli haivimbi wala hainywei. Wangapi kati ya watoto wale wamewahi kuona dripu imetundikwa juu ya ndugu yao? Karibu wote, na hakuna aliyewaambia kwamba namba 9 ile iliwekwa kwa ajili ya utando.

Kutoka hapo akafika alipotaka kufika tangu mwanzo: selimundu. Neno lenyewe limebeba somo zima, seli na mundu, na mtoto aliyeona watu wakivuna mpunga anajua mundu umepinda vipi. Seli nyekundu imejaa himoglobini, inayobeba oksijeni. Mwenye selimundu amerithi kutoka kwa baba na kutoka kwa mama himoglobini yenye tofauti ndogo sana, lakini tofauti hiyo huifanya, ikishatua oksijeni yake, ishikamane na wenzake na kuunda vijiti virefu. Vijiti vinaisukuma seli kutoka ndani hadi inapinda. Ikipata oksijeni tena vijiti huachana na seli hurudi kuwa duara. Ila ikipindwa na kunyooka mara nyingi, utando wake huharibika na mwisho haurudi tena. Badala ya siku 120, seli hizi nyingi huishi siku 10 hadi 20, na upungufu wa damu unaanzia hapo. Zile ngumu zilizopinda hukwama kwenye mishipa midogo, na maumivu makali yanaanzia hapo.

Na maji? Seli ile ikipungukiwa maji, himoglobini iliyomo ndani husongamana, na iliyosongamana hushikana upesi zaidi. Hapa ndipo kitunguu kinarudi kwa haki: kiasi cha maji ndani ya utando ndicho kinachoamua. Kliniki za selimundu huwahimiza wagonjwa wanywe maji ya kutosha, hasa wakati wa joto au homa, kwa sababu hiyo. Lakini nilimtaka aseme pia mipaka. Maji hayaponyi selimundu, wala hayazuii kila kipindi cha maumivu, maana utando uliochoka wenyewe hupoteza chumvi zake na maji hufuata, hata mgonjwa awe amekunywa. Kuna dawa, kama haidroksiyurea, inayoufanya mwili utengeneze zaidi ile himoglobini ya mtoto aliye tumboni, isiyoshikamana. Mtoto akiambiwa tu "kunywa maji", siku ya maumivu atadhani kosa ni lake.

Kulikuwa na jambo jingine la kuangalia. Tanzania inakadiriwa kuwa na watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka. Katika ukumbi wenye wanafunzi 200, kuna uwezekano mkubwa kwamba yupo mmoja anayeugua, au mwenye kaka au dada anayeugua. Nilimwomba asitumie neno "wahanga", asiseme "hawa wenzetu", wala asiuachie huzuni ukumbi. Aeleze seli inavyofanya kazi, basi. Mtoto mwenye ugonjwa huo anafahamu maumivu kuliko sisi sote. Asichokipata mara nyingi ni sababu.

Tatizo la mwisho lilikuwa macho. Kwenye mazoezi, bakuli la kitunguu halikuonekana na aliyekaa safu ya nne. Tukageukia kiazi mviringo. Ukikikata vijiti vinene kama penseli, urefu wa kidole, ukaviweka vingine kwenye maji ya kawaida na vingine kwenye glasi ya maji yenye vijiko viwili vya chai vya chumvi kwa muda wa saa moja, vya kwanza husimama wima ukivishika kwa ncha, vya pili huinama. Hilo linaonekana hadi mlangoni. Hotuba aliyoitoa ilikuwa hii:

"Shikamooni walimu. Wadogo zangu, hamjambo? Nimeshika vijiti viwili vya kiazi. Vimekatwa kwenye kiazi kimoja, kwa kisu kimoja, saa moja iliyopita. Hiki kimesimama. Hiki kimelala. Nani anadhani nimekipika? Hapana, sijakipika. Nimekiweka kwenye maji ya chumvi, basi.

Tairi la baiskeli likilegea, tunajua upepo umetoka kwenye tyubu. Kiazi hiki kimejaa tyubu ndogo mno, zimejaa maji, na kila tyubu ina tairi lake. Hizo ndizo seli. Chumvi iliyo nje imefanya maji yatoke. Tairi zimebaki, upepo umekwisha. Nimeziona seli za kitunguu kwa hadubini zikifanya hivyo hivyo, na nilipozirudishia maji safi, zilijaa tena. Zilizokufa hazikujaa.

Damu yenu nayo ina tyubu, ila hazina tairi. Ukizitia kwenye maji matupu zinapasuka. Kwa hiyo aliyetengeneza dripu alipima: gramu 9 za chumvi kwa lita moja. Na kuna watu wenye damu ambayo seli zake hupinda kama mundu. Hawakuambukizwa, hawakurogwa, wamerithi kwa baba na mama. Seli hizo zikipungukiwa maji hupinda haraka zaidi, kwa hiyo daktari huwaambia wanywe maji. Maji si dawa ya kuwaponya. Yanasaidia tu seli isisongamane ndani.

Kule maji kupita kwenye utando kunaitwa osmosisi. Leo jioni ombeni kipande cha kiazi nyumbani, na chumvi kidogo. Kama hakitalegea, mkija kidato cha kwanza nitafuteni mniulize."

Alitumia dakika nne na nusu. Nilikuwa nimekaa nyuma na wazazi, na kwa haki kabisa niseme kwamba sehemu ya dripu aliikimbiza. Ilistahili pumzi moja zaidi. Alisahau pia kueleza kwa nini tairi halitoki na maji, jambo ambalo mtoto mmoja wa darasa la sita alilidaka mara moja.

Swali lililonikaa, hata hivyo, liliulizwa na mvulana mdogo wa safu ya pili, sare yake ikiwa kubwa kuliko yeye. Aliuliza kama kiazi kilichochemshwa nacho kikitiwa chumvi kitatoa maji vile vile. Mpwa wangu akanitazama, kisha akamgeukia yule mvulana.

"Wewe unaonaje?"

Mvulana akakitazama kile kijiti kilicholala mezani. "Si tyubu zitakuwa zimeshapasuka kwenye sufuria?"